Mazungumzo ya wanaoanza: kuomba kwa "unaweza", "ungeweza" na "ungependa"

Neema ameanza kazi juzi. Bakari ni mwenyeji wa ofisi.

NEEMA: Samahani Bakari, unaweza kunionyesha printa iko wapi?
BAKARI: Naam. Iko chumba cha pili, nyuma ya mlango.
NEEMA: Unaweza kurudia polepole? Sikusikia vizuri.
BAKARI: Chumba cha pili. Nyuma. Ya mlango.
NEEMA: Ahaa, nyuma ya mlango. Ungeweza kunifungulia? Mikono yote ina makaratasi.
BAKARI: Bila shaka. Ungependa nikushikie na hayo makaratasi?
NEEMA: Ningependa sana. Naomba unishikie haya ya juu tu.
BAKARI: Nimeyashika. Na mimi nina ombi: ungeweza kuniachia printa dakika tano? Nina ukurasa mmoja.
NEEMA: Dakika tano, ukurasa mmoja?
BAKARI: Hujaijua printa hii.

Kwa mwalimu

Soma mara moja wanafunzi wakisikiliza tu, vitabu vimefungwa. Mara ya pili wairudie sentensi kwa sentensi. Kisha wabadilishane nafasi, na badala ya printa waweke kabati, ufunguo au kompyuta.

"Unaweza" huulizia uwezo, kwa hiyo mwanafunzi hujibu "Ndiyo, naweza" akabaki ameketi. Mwache darasa limcheke kidogo, kisha eleza: jibu la ombi ni kutenda, au "haya", au "bila shaka". Asiyeweza aseme "Samahani, siwezi" na ataje sababu.

"Ungeweza" lina -nge- kati ya kiambishi cha nafsi na kitenzi: u-nge-weza, ni-nge-penda. Hulainisha ombi, hasa linapomgharimu mtu kitu, kama Bakari anavyotaka aachiwe printa. Wengine huandika "ungaweza". Sahihisha mapema kabla halijazoeleka. "Ungependa" si ombi bali ni kumpa mtu nafasi ya kuchagua, na hapa ndipo wanaozoea Kiingereza huchanganya, kwa kuwa kwao neno moja hutumika pote pawili. Angalia pia kwamba baada yake huja "nikushikie", yenye -e mwishoni, kwa sababu mshikaji ni mwingine.

Tumia muda mwingi zaidi kwenye "kunifungulia". Anayeanza husema "kufungua mlango kwa mimi". Andika ubaoni ku-ni-fungu-li-a, wapige makofi kwa kila kipande, kisha wajaribu kunishikia, kuniachia, kuniandikia.

Jambo la mwisho, ambalo vitabu vingi hulifunika: ukimsikiliza mzungumzaji wa kawaida, "ungeweza" utalisikia kwa nadra kuliko "naomba". "Naomba unishikie" inatosha, haina ukali wala haimnyenyekezi mtu kupita kiasi. Wape "naomba" siku hiyohiyo ya kwanza. "Tafadhali" lisiwekwe kila sentensi. Likizidi, ombi huanza kusikika kama lawama.