Kwaheri Msimbazi

Wanasimba wenzangu, naomba niwaite hivyo kwa mara ya mwisho.

Ni kweli. Nimesaini Yanga, miaka 2. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shabiki wao tangu utotoni, wala sitasema nimefuata changamoto mpya. Mkataba wangu ulikwisha, nina miaka 31, wanangu wawili wanasoma, na ofa ya Jangwani ilikuwa kubwa. Nililala nayo usiku tatu kabla ya kushika kalamu.

Najua jezi zangu zitachomwa. Ningekuwa jukwaani, labda nami ningetafuta kiberiti.

Lakini kuna siku siisahau. Nilikosa penalti kwa Mkapa, nikatoka uwanjani nimejifunika uso kwa jezi. Getini nikamkuta mzee mmoja na kofia yake nyekundu iliyopauka. Nilijua natukanwa. Akanishika bega: "Mwanangu, umekula?" Basi. Mzee wangu, kama unasomewa barua hii, shikamoo. Wewe ndiye uliyenipa shida kusaini.

Kwa wenzangu wa vyumba vya kubadilishia nguo, makocha, na mama wa chapati aliyenikopesha hadi mwisho wa mwezi: asanteni. (Mama, deni nimeshalituma.)

Siku ya dabi nitacheza kwa nguvu zote, maana ndivyo mlivyonifundisha. Nikifunga, sitashangilia. Mkinizomea, nitaelewa.

Aliyekuwa beki wenu wa kushoto