Matini ya Sauti: Simu ya Kuhifadhi Vyumba, Hoteli ya Upanga, Dar es Salaam

Maelezo kwa msomaji wa studio. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba hayasomwi. Anayepiga simu hii analipia muda wake wa maongezi, kwa hiyo mapumziko yawe marefu kama yalivyoandikwa na yasijazwe muziki. Kila saa isomwe pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa kuwa mgeni anayesikia "saa nne" peke yake anaweza kufika nusu siku kabla au baada ya muda wake. Sauti iwe ya mtu anayemkaribisha mwenzake mlangoni: tulivu, isiyo na haraka wala madoido.

SALAMU

Karibu. Umepiga simu ya kuhifadhi vyumba katika hoteli yetu iliyopo Upanga, Dar es Salaam. [Sekunde 1] Kwa Kiswahili, bonyeza 1. [Sekunde 2. Hapa iingie sentensi ya Kiingereza iliyorekodiwa peke yake, inayoelekeza kubonyeza 2. Asiyebonyeza chochote kwa sekunde 4 aendelee kwa Kiswahili.]

Asante. Mazungumzo yako na mhudumu yatarekodiwa ili tuweze kuhakiki maelezo ya nafasi yako. [Sekunde 1]

ORODHA KUU

Kuhifadhi chumba, bonyeza 1. [Sekunde 2]
Kubadilisha tarehe au kufuta nafasi uliyokwisha kuweka, bonyeza 2. [Sekunde 2]
Ikiwa unamleta mgonjwa Muhimbili, au unakuja kumuuguza, bonyeza 3. [Sekunde 2]
Kupata maelekezo ya kufika hotelini, bonyeza 4. [Sekunde 2]
Ikiwa salio lako ni dogo na ungependa tukupigie sisi, bonyeza 5, kisha kata simu. Mhudumu atakupigia kwa namba hii hii ndani ya dakika 15. [Sekunde 2]
Kuzungumza na mhudumu wakati wowote, bonyeza 0. Kusikiliza tena, bonyeza alama ya reli. [Sekunde 5]

[Asipobonyeza kitu:] Hatujapokea chaguo lako. Tafadhali sikiliza tena. [Orodha irudiwe mara moja tu. Akiendelea kukaa kimya aunganishwe na mhudumu, kwa maana huenda anatumia simu ya mezani ya zamani, au ni mzee ambaye hakuzoea kubonyeza namba huku anasikiliza. Simu yake isikatwe.]

[Akibonyeza namba isiyokuwepo:] Namba hiyo haimo katika orodha yetu. Tafadhali chagua tena. [Sekunde 1. Orodha irudiwe.]

CHAGUO LA 1: KUHIFADHI CHUMBA

Kabla hatujakuunganisha, tungependa uzijue bei zetu. [Sekunde 1] Chumba cha mtu mmoja ni shilingi 95,000 kwa usiku mmoja. [Sekunde 1] Chumba cha watu wawili ni shilingi 130,000. [Sekunde 1] Chumba cha familia, chenye vitanda vitatu, ni shilingi 185,000. [Sekunde 2] Bei hizo zinajumuisha kifungua kinywa na kodi ya ongezeko la thamani, na hakuna malipo mengine yatakayoongezwa ukifika. [Sekunde 1]

Chumba huwa tayari kuanzia saa 8 mchana, na siku ya kuondoka tunaomba kirudishwe kabla ya saa 5 asubuhi. Tafadhali andaa tarehe ya kufika, idadi ya wageni na jina kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho utakachokuja nacho. [Sekunde 2]

Ili nafasi ithibitike, tunaomba malipo ya awali ya usiku mmoja kwa lipa namba ambayo mhudumu atakutumia kwa ujumbe mfupi. Kabla ya kuweka namba yako ya siri, hakikisha kwamba jina linalojitokeza kwenye simu yako ni la hoteli. Likiwa ni jina la mtu binafsi, usilipe, bali tupigie tena. Hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza namba yako ya siri. [Sekunde 2] Sasa tunakuunganisha.

[Foleni ikizidi dakika 1:] Wahudumu wote wanazungumza na wageni wengine. Unaweza kuendelea kusubiri, au ubonyeze 5 tukupigie sisi, na nafasi yako katika foleni haitapotea. [Irudiwe kila baada ya dakika 1.]

CHAGUO LA 2: KUBADILISHA AU KUFUTA

Tafadhali bonyeza tarakimu 6 za namba ya nafasi yako, kisha alama ya reli. Utaipata kwenye ujumbe tuliokutumia. [Sekunde 10] Nafasi inayofutwa saa 48 au zaidi kabla ya siku ya kufika hurudishiwa malipo yote. Baada ya hapo fedha hairudishwi, lakini unaweza kuhamishia nafasi yako tarehe nyingine ndani ya miezi 3. Tunakuunganisha.

CHAGUO LA 3: WAGONJWA NA WAUGUZAJI

[Sehemu hii isomwe polepole kuliko nyingine zote.]

Pole kwa kuuguza. [Sekunde 2] Hoteli yetu ipo karibu na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na tunavyo vyumba vya ghorofa ya chini visivyo na ngazi, vyenye mlango unaopitisha kiti cha magurudumu. Jiko letu hupika uji na chakula kisicho na chumvi wala mafuta kwa atakayeagiza siku moja kabla, na muuguzaji anaweza kufungiwa chakula cha kupeleka wodini. [Sekunde 1] Kwa kuwa tarehe ya kuruhusiwa hospitalini haipangwi na familia, hatutozi gharama yoyote unapoongeza au kupunguza siku, hata ukitujulisha asubuhi hiyo hiyo. [Sekunde 2] Tunakuunganisha na mhudumu bila kukuweka kwenye foleni.

CHAGUO LA 4: KUFIKA HOTELINI

Ukitoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, au stesheni ya treni ya SGR, gari la hoteli linaweza kukupokea ukituarifu muda wa saa 6 kabla ya kufika. [Sekunde 1] Ukishuka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, fuata Barabara ya Morogoro kuelekea mjini. Wakati wa mvua kubwa barabara hiyo huweza kufungwa pale Jangwani. Ikiwa hivyo, mwombe dereva akunje Magomeni, ashike Barabara ya Kawawa, kisha aingie Upanga kupitia Daraja la Salenda. [Sekunde 1] Kutumiwa ramani kwa ujumbe mfupi, bonyeza 1. Kurudi orodha kuu, bonyeza nyota. [Sekunde 5]

UJUMBE WA BAADA YA SAA ZA KAZI

[Usikike kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, mara tu baada ya salamu.]

Habari za usiku. Ofisi ya kuhifadhi vyumba imefungwa, na itafunguliwa saa 1 asubuhi. Mapokezi yako wazi usiku kucha. [Sekunde 1]

Ikiwa uko njiani na unatarajia kulala kwetu usiku huu, bonyeza 1, nawe utazungumza na mapokezi moja kwa moja. Mwenye nafasi iliyolipiwa hatapoteza chumba chake kwa sababu ya ndege, treni au basi kuchelewa. Mlinzi wa getini anayo orodha ya wageni wa usiku. [Sekunde 3]

Ikiwa kuna mgonjwa aliyezidiwa, au umepewa rufaa ya Muhimbili usiku huu na unahitaji mahali pa kulala, bonyeza 3. [Sekunde 3]

Kwa jambo linaloweza kusubiri hadi asubuhi, baada ya mlio tafadhali taja jina lako, namba ya simu, tarehe unayotaka kufika na idadi ya wageni. Taja namba ya simu mara mbili, tarakimu moja moja. Una dakika 1. Ukimaliza, bonyeza alama ya reli. [Sekunde 1. Mlio.]

[Baada ya alama ya reli:] Tumepokea ujumbe wako. Tutakupigia kabla ya saa 3 asubuhi, na gharama ya simu itakuwa yetu. Usiku mwema. [Simu ikatwe.]