Ugua pole Shosho wetu

Shosho, ugua pole sana. Jana tukitoka wodini mat ilikwama kwa jamu ya Jogoo Rodi karibu saa nzima na hakuna aliyelalamika, tulikuwa tunacheka tu vile ulimwambia nesi uji wake hauna ndimu, hapo ndio tukajua umeanza kurudi. Sasa daktari akisema pumzika, pumzika bana, usianze kuuliza nani amelisha kuku, wamekula na wanataga (ile nyeusi bado ni mkorofi).

Kesho saa za kuona wagonjwa tunakuja na chai ya tangawizi kwa themosi na ile leso yako ya kichwa. Wajukuu wote, Buruburu mpaka Kayole, wanakuombea. Mungu akuguse Shosho, kiti chako hakuna mtu amekikalia.