Saa zako za kazi, ofu yako na namna ya kupeana taarifa

Dada Zuhura, habari za jioni. Haya ndiyo tuliyozungumza jana, nimeyaandika ili yabaki kwenye simu yako na yangu. Yanaanza Jumatatu ijayo, tarehe 3.

Jumatatu hadi Ijumaa unaanza saa 1 asubuhi na kumaliza saa 10 jioni. Saa 7 hadi saa 8 mchana unapumzika. Bibi atakaa na mtoto, kwa hiyo hata ukitaka kutoka, toka. Jumamosi ni saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ukipiga hesabu, ni saa 8 kwa siku 5, na 5 za Jumamosi, jumla 45 kwa wiki. Mshahara tuliokubaliana ni wa hizo 45, na wiki yenye kazi chache haukatwi.

Kwa kuwa unalala hapahapa, naomba hili lieleweke vizuri. Ikishafika saa 10 jioni, umetoka kazini. Vyombo vya usiku tunaosha sisi. Mtoto akilia usiku naamka mimi au baba yake, na mgeni akigonga tunafungua wenyewe. Chai ya kabla ya saa 1 asubuhi naandaa mimi. Tukikuomba ubaki na watoto jioni, muda wote huo ni kazi, hata kama wamelala na wewe umekaa tu unaangalia simu. Unahesabiwa kuanzia tunapotoka mpaka tunaporudi.

Ofu yako ni Jumapili, lakini inaanza Jumamosi saa 7 mchana na kuisha Jumatatu saa 1 asubuhi, yaani saa 42 mfululizo. Lala kwa ndugu zako, nenda kwenye ibada, au ufunge mlango wa chumba chako ulale mpaka mchana. Ukibaki nyumbani bado uko ofu, asikutume mtu hata glasi ya maji. Usione nakufanyia hisani: Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Sikukuu za serikali nazo unapumzika.

Ikitokea tunakuhitaji Jumapili, sitakupa pesa ili uache kupumzika. Nitakuomba tubadilishane na siku nyingine nzima ndani ya siku 7 zinazofuata, na siku hiyo nitaitaja kwenye ujumbe uleule wa kuomba. Nisipoitaja, hesabu kwamba sijaomba.

Sasa mabadiliko. Yakiwepo ya wiki inayofuata, nitakuandikia hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Nitasema siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na saa hizo utarudishiwa lini. Usipopata ujumbe, ratiba ni ileile. Ratiba naibadilisha mimi peke yangu, tena kwa maandishi. Watoto wakikwambia "mama amesema ubaki", au Bibi akikuomba uanze mapema, mjibu kwa upole kwamba unasubiri ujumbe wangu. Bibi nimeshamweleza na amekubali, baba Imani vilevile. Nikishakuandikia, jibu "sawa" au "haiwezekani". Ukisema haiwezekani, nitatafuta njia nyingine na sitanuna. Ukikaa kimya, nitachukulia kwamba hujakubali.

Dharura haisubiri Alhamisi, najua. Mtoto akiugua ghafla au nikikwama njiani, nitakupigia kukuomba, kisha niandike ujumbe siku hiyohiyo. Saa zilizozidi utachagua mwenyewe: uzipumzike wiki inayofuata, au nizilipe mwisho wa mwezi kama muda wa ziada. Kwenye droo ya jikoni nimeweka daftari. Tuandike humo kila saa iliyozidi, mimi nitie saini na wewe utie yako. Mwisho wa mwezi tutalifungua pamoja kabla sijakulipa.

Na wewe ukiwa na jambo lako, msiba, kliniki au safari, niandikie mapema uwezavyo. Ukiamka mgonjwa, ujumbe mfupi wa asubuhi unatosha, na siku hiyo haikatwi.

Soma taratibu. Kama kuna saa isiyokufaa, niambie kabla ya Ijumaa jioni tuirekebishe. Ukipenda kujibu kwa sauti badala ya kuandika, rekodi tu, ni sawa kabisa. Nikipata jibu lako nitaandika ratiba kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji, ili kila mtu humu ndani aione.

Mama Imani