Jibu la hesabu ya boti: kosa limeanzia mstari wa tatu

Mwanangu, assalaam alaykum.

Picha yako nimeipata jana baada ya sala ya isha, na nimeisoma mara mbili kabla ya kukuandikia. Umeniuliza, "Maalim, kipeuo changu kina kosa gani, mbona kitabu kinasema 20 na mimi napata 24.3?" Kipeuo chako hakina kosa lolote. Kipeuo cha pili cha 590 ni 24.28 na ushei, nawe umekikadiria vizuri. Umerudia hesabu mara tatu kwa sababu kila mara ulikuwa ukikagua mistari miwili ya mwisho, hali ya kuwa mambo yaliharibika juu zaidi.

Kwanza nilinakili suali, kwa kuwa skrinishoti uliyoniletea imekatwa juu na saa ya simu imelala juu ya maneno. Nimelisoma hivi: boti ilikwenda kilomita 60 kwa mwendo usiobadilika, lau ingeongeza mwendo wake kwa kilomita 10 kwa saa, ingetumia saa moja pungufu, tafuta mwendo wake wa awali. Kisha nikanakili mistari yako sita kama ilivyo, bila ya kurekebisha chochote:

```
1.  60/x - 60/(x + 10) = 1
2.  60(x + 10) - 60x = x(x + 10)
3.  60x + 600 - 60x = x² + 10
4.  600 = x² + 10
5.  x² = 590
6.  x = 24.3
```

Mstari wa pili ndio ulionichukulia muda. Upande wa kulia umeandika mpaka ukingoni mwa daftari, juu ya ule mstari mwekundu, na mabano ya kufungia hayaonekani kabisa. Nilipoivuta picha nikaona alama hafifu ya penseli baada ya x ya kwanza, imepinda kama mwezi mwandamo, nami nikaikubali kuwa ni mabano ya kufungulia. Lau nisingeiona, ningelazimika kusema kwamba kosa limeanzia hapo hapo mstari wa pili. Kwa hivyo mstari wa pili naupa haki yake: umezidisha kila kipande kwa x(x + 10), pamoja na ile 1 ya upande wa kulia ambayo wenzako wengi huisahau, na umefanya sawasawa.

Kosa la kwanza liko baina ya mstari wa pili na wa tatu, upande wa kulia peke yake. Ulipofungua x(x + 10), x ya nje uliizidisha na x ya ndani ukapata x², lakini hukuizidisha na 10. Uliiteremsha 10 kama ilivyo. Ilipaswa kuwa x² + 10x. Ajabu ni kwamba katika mstari huo huo, upande wa kushoto, 60(x + 10) umeifungua barabara ukapata 60x + 600. Basi kanuni unaijua. Nionavyo mimi, jicho lako lilisoma "x mara x, kisha kujumlisha 10", kwa sababu mabano yako yalikuwa hafifu na x yako unaiandika kama alama ya kuzidisha. Iandike x kwa mikia iliyopinda, na ukifika ukingoni teremka mstari.

Usinisadiki kwa maneno tu. Jawabu la kitabu unalo, kwa hivyo liingize 20 katika kila mstari na utazame ni wapi pande mbili zinaachana. Mstari wa kwanza unatoa 3 − 2, yaani 1, na ndivyo unavyodai. Mstari wa pili unatoa 1800 − 1200 = 600 kushoto, na 20 × 30 = 600 kulia. Mstari wa tatu unatoa 600 kushoto, lakini kulia ni 400 + 10, yaani 410. Hapo ndipo ulipovunjika.

Katika mtihani hutakuwa na jawabu la kitabu, lakini unaweza kupima mabano yenyewe kwa namba yoyote ndogo, isipokuwa usichague 1. Ukiweka 1, x(x + 10) ni 11 na x² + 10 nayo ni 11, na kosa lako litapita salama usalimini. Weka 2: ya kwanza inatoa 24, ya pili inatoa 14.

Mistari ya nne, ya tano na ya sita siihesabu kuwa makosa mapya, kwa kuwa kila mmoja umefuata ulio juu yake kwa haki. Nina neno moja dogo tu juu ya mstari wa sita: kutoka x² = 590 zinapatikana thamani mbili, chanya na hasi, nawe ile hasi umeiacha bila ya kusema kwa nini.

Sasa utaratibu sahihi, kuanzia pale ulipokuwa bado uko njiani:

```
2.  60(x + 10) - 60x = x(x + 10)
3.  60x + 600 - 60x = x² + 10x
4.  600 = x² + 10x
5.  x² + 10x - 600 = 0
6.  (x + 30)(x - 20) = 0
7.  x = -30  au  x = 20
```

Tazama kwamba kuanzia mstari wa tano sura ya hesabu imebadilika. Kwako kipande cha x kilipotea, ukabakiwa na x² peke yake, ndiyo maana ukakimbilia kipeuo. Hapa x² na x zipo pamoja, kwa hivyo tunahamishia kila kitu upande mmoja na kutafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa −600 na zikijumlishwa zinatoa 10. Nazo ni 30 na −20. Ikiwa vigawo havikujii haraka, tumia kanuni ya jumla: 10² − 4(1)(−600) = 2500, kipeuo chake ni 50, na (−10 ± 50) ÷ 2 inakurudisha kwenye 20 na −30 zile zile.

Thamani ya −30 inautosheleza mlinganyo, kwani −2 + 3 ni 1, lakini mwendo wa boti hauwi hasi. Iandike, kisha uikatae kwa sentensi moja: "x ni mwendo, kwa hivyo x = 20." Boti ilikwenda kilomita 20 kwa saa ikatumia saa 3, kwa kilomita 30 kwa saa ingetumia saa 2. Ukiijaribu 24.3 yako kwa njia hiyo hiyo, tofauti ya muda inatoka kama dakika 43, na suali limesema saa nzima.

Fanya na hii, bila ya kutazama karatasi hii: kilomita 90, mwendo ukiongezwa kwa kilomita 15 kwa saa, muda unapungua kwa saa moja. Nipigie picha daftari lenyewe mchana, karibu na dirisha, uniletee picha hiyo ya asili na si skrinishoti, na ukurasa uonekane wote mpaka ukingoni.

Wasalaam,
Maalim wako wa hesabu, Wete