Yah: Ombi la Kutumiwa Upya Orodha ya Bei kama Faili la Excel

Idara ya Manunuzi,
Duka la Vifaa vya Mabomba na Umeme,
Mwanjelwa, Mbeya.

14 Aprili 2025

Meneja Mauzo,
Mauzo ya Jumla,
Gerezani, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunashukuru kwa orodha ya bei mpya mliyotutumia kwa barua pepe wiki iliyopita. Imefika salama na inasomeka vizuri. Shida ni kwamba ni PDF iliyofungwa: inafunguka na inachapika, ila haikubali kunakili hata mstari mmoja. Kwenye sehemu ya usalama ya faili imeandikwa `Content Copying: Not Allowed`. Kwa heshima, tunaomba mtutumie orodha hiyohiyo kama faili la Excel (.xlsx), au CSV kama ndiyo inayotoka kwa urahisi kwenye mfumo wenu wa stoo.

Orodha ina kurasa 64 na bidhaa zaidi ya 1,800. Bei hizo huingizwa kwenye mfumo wetu wa mauzo unaotumiwa na maduka ya Mbeya, Makambako na Iringa. Kuziandika upya kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa, na sifuri moja ikidondoka, elbo ya 9,000 inauzwa 900 katika maduka yote matatu kabla mtu hajashtuka. Mvua zikikatika mwezi Mei mafundi huku wanarudi saiti kwa wingi, hivyo tungependa bei ziwe zimekaa sawa kabla ya hapo.

Tunaelewa kwa nini mmeifunga. Bei ya jumla ikichezewa njiani, lawama zinarudi kwenu. Kwa hiyo tunapendekeza PDF iendelee kuwa ndiyo orodha rasmi, na faili la Excel liwe la kufanyia kazi tu. Zikitofautiana, tutafuata PDF. Hatutalisambaza nje ya ofisi yetu. Fomula na bei zenu za kununulia hazihitajiki: anayeliandaa anakili safu zinazotuhusu, kisha abandike kwa `Paste Values` kwenye faili jipya.

Yapo mambo machache yakizingatiwa mapema yatatuepusha sote na barua ya pili. Namba za bidhaa na vipimo viwekwe kwenye safu zilizopangwa kuwa `Text` kabla ya kuingiza data. Bila hivyo Excel hukata sifuri za mbele, 00417 ikawa 417, nayo soketi ya 3/4 hugeuzwa tarehe, ikasomeka 3-Apr au 4-Mar kutegemea mpangilio wa kompyuta. Ikishageuka, kurudisha `Text` baadaye hakuirejeshi. Inabidi iandikwe upya. Nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa namba nayo huleta `#N/A` tunapolinganisha na orodha ya zamani, ingawa kwa macho namba ziko sawa kabisa.

Bei ziwe tarakimu tupu, bila TSh wala /=, na kwenye CSV bila koma ya maelfu, maana 12,500 itapasuka kuwa safu mbili. Kila bidhaa ikae kwenye mstari wake, bila seli zilizounganishwa na bila vichwa vinavyojirudia kila ukurasa. Mfano:

```
Namba,Jina,Kipimo,Kizio,Idadi,Bei_bila_VAT
00417,Elbo ya PPR,25 mm,boksi,50,45000
00982,Soketi ya GI,3/4,pisi,1,2200
```

Tunaomba msisitizo kwenye safu za kizio na idadi. Katika PDF, bomba za PPR zimewekewa bei bila kuonyesha kama ni ya kipande cha mita 4 au ya bando, na nyaya hazionyeshi kama ni kwa mita au kwa roli ya mita 100. Vilevile tujulisheni kama bei zimejumlisha VAT ya asilimia 18, na kama ni za kuchukulia mzigo ghalani kwenu au zimeingiza usafiri hadi Mbeya.

Tutashukuru tukilipata faili kufikia Ijumaa, tarehe 25 Aprili 2025, kwa anwani hii tuliyoandikia. Kwa WhatsApp pia ni sawa, mradi litumwe kama dokumenti, siyo picha za skrini. Kama sehemu ya umeme iko tayari na ya mabomba bado, tutumieni iliyopo tuanze nayo. Oda yetu ya mwezi huu inaendelea kwa bei za PDF kama mlivyozitoa. Haisubiri faili hili.

Natanguliza shukrani.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Manunuzi