Ofa ya ajira: Msimamizi wa Ghala (jibu kabla ya Jumatatu, 9 Machi 2026, saa 10:00 jioni)

Ndugu Neema,

Habari za asubuhi. Tunafurahi kukupa nafasi ya Msimamizi wa Ghala. Maelezo yako kuhusu kuhesabu stoki kila wiki bila kusimamisha upakiaji ndiyo yaliyotushawishi zaidi kwenye usaili.

Utawajibika kwa Meneja Ugavi na utasimamia watunza stoo 6. Mkataba ni wa miaka 2, na miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio.

Mshahara wa msingi ni Sh 1,450,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya usafiri ya Sh 150,000. Jumla ni Sh 1,600,000 kabla ya kodi na makato ya hifadhi ya jamii, kwa hiyo kitakachoingia benki kitakuwa pungufu ya hapo. Malipo hufanyika tarehe 28 ya kila mwezi.

Utaanza kazi Jumatatu, 13 Aprili 2026, saa 2:00 asubuhi. Kwa kuwa Aprili utafanya siku 18 kati ya 30, malipo ya mwezi huo yatakuwa Sh 960,000 kabla ya makato (mshahara Sh 870,000 na posho Sh 90,000). Tunakuambia mapema ili usidhani umepunjwa.

Ulitueleza kwamba unapaswa kutoa notisi ya siku 28 kwa mwajiri wako wa sasa. Ukiitoa tarehe 10 Machi, itaisha tarehe 7 Aprili. Tafadhali usijiuzulu kabla hujapokea mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Ofa hii bado inategemea majibu ya wadhamini wako wawili, na tutakujulisha matokeo kabla ya tarehe 10.

Ukikubali, jibu barua pepe hii kwa kuandika "Nimekubali ofa", kisha ambatisha mkataba uliosainiwa. Una kurasa 4: weka saini kwenye ukurasa wa mwisho, na kwenye kurasa nyingine weka herufi za kwanza za majina yako. Picha za simu zinafaa mradi kingo zote za ukurasa zionekane; saini iliyokatwa itatulazimu kukurudishia. Vyeti halisi utavileta siku ya kwanza.

Tunahitaji jibu lako kabla ya Jumatatu, 9 Machi 2026, saa 10:00 jioni. Muda huo ukipita bila jibu, ofa itakoma na tutamwita anayekufuatia. Kama kuna kipengele ungependa tukizungumze, mshahara ukiwemo, niandikie kabla ya Alhamisi, 5 Machi, ili nipate nafasi ya kukifikisha kwa uongozi. Na ukiamua kutokuja, tafadhali tuambie tu. Hatutakuwa na kinyongo.

Wako,
Meneja Rasilimali Watu

Viambatisho: Mkataba wa ajira (PDF, kurasa 4), Maelezo ya majukumu (PDF, kurasa 2)